Matangi 70 na ngazi ya elfu kumi na tano

Matangi ya maji yalikuwa 70, na familia za mtaa zilikuwa 200. Hapo ndipo kisa kilipoanzia. Ni mtaa mmoja wa Likoni, ng'ambo ya feri, ambako maji ya mfereji huja kwa zamu. Asiye na pa kuyahifadhi hununua mtungi wa lita 20 kwa wauzaji wa mikokoteni, siku baada ya siku. Watoto wa mtaa waliohamia mbali walikuwa wamechanga wakanunua matangi, na sharti lao lilikuwa moja: wapewe wenye kipato kidogo zaidi. Kamati ya mtaa ikapita nyumba kwa nyumba ikiuliza kipato cha mwezi uliopita, ikaandika daftari zima, kisha ikaniita niwasaidie kukata mstari. Hiyo ilikuwa mwaka 2023. Takwimu nitakazozitaja ni za mtaa huo pekee, nazo nimezibadilisha kidogo ili nyumba yoyote isitambulike. Zisichukuliwe kuwa picha ya Mombasa, mji ambao sensa ya 2019 ilihesabu ndani yake kaya 378,422.

Nianze na hilo neno kaya, kwa sababu lilitutatiza mapema. Kwenye fomu za serikali kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kwetu pwani, ukimtajia mzee wa Kidigo neno hilo, fikra zake zinaenda kwenye msitu wa wahenga. Ukisema nyumba nako unapotea, kwa kuwa nyumba moja ya Kiswahili yenye ukumbi katikati huwa na vyumba sita, na kila chumba kina mpangaji wake. Kamati ilifanya jambo la busara sana: iliuliza "chungu chenu kinapikia watu wangapi?" Wanaokula chungu kimoja wakahesabiwa familia moja. Hivyo ndivyo zilivyopatikana 200, na katika maandishi haya familia maana yake ni hiyo.

Nilipofika, mchoro ulikuwa tayari. Kijana mmoja wa kamati, aliyemaliza shule karibuni na mwenye mkono mzuri wa kompyuta, alikuwa ameuchora na kuubandika ukutani kwa mwenyekiti. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, kulikuwa na kipato cha mwezi kwa shilingi. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, kulikuwa na asilimia ya familia, kuanzia 0 hadi 100. Mstari ulianzia kwenye kona ya chini kushoto ukapanda taratibu hadi juu kulia, laini kama kamba iliyovutwa. Ndio mchoro limbikizi: unachagua kiwango chochote cha kipato, unapanda wima hadi ugonge mstari, unakwenda kushoto, na unasoma ni sehemu gani ya familia zote zimo katika kiwango hicho au chini yake. Mstari huu haushuki kamwe, maana ukisogeza kipato juu huwezi kupoteza familia uliyokwisha kuihesabu.

Unasomeka pia kinyume, na kamati ilihitaji kuusoma hivyo. Matangi 70 kwa familia 200 ni asilimia 35. Basi unaanza pembeni kwenye 35, unakwenda kulia hadi ugonge mstari, unashuka wima, na pale unapotua ndipo kipato cha kukatia. Kijana alikuwa ameshafanya hivyo. Kidole chake kilitua kwenye 12,100 hivi, kamati ikafanya 12,000 kamili. Kwa mujibu wa mstari wake, 12,000 ilikuwa na asilimia 34, yaani familia 68, na matangi mawili yangebaki ya akiba.

Mweka hazina akafungua daftari akaanza kuhesabu majina kwa kalamu. Alipofika mwisho alikuwa na 58.

Alihesabu tena. Zilikuwa 58. Kila mtu chumbani alidhani mweka hazina ndiye aliyekosea, naye akahesabu mara ya tatu kwa sauti huku kijana akiweka alama kwenye karatasi. Daftari ndilo lililokuwa sahihi, na sababu ilikuwa katika namna mchoro ulivyotengenezwa.

Kijana hakuchora kutoka kwenye vipato 200. Alizipanga familia kwanza katika mafungu: hadi 10,000, kutoka hapo hadi 15,000, kisha hadi 20,000, 30,000 na 50,000. Kila fungu lilimpa nukta moja. Kwenye 10,000 asilimia 23, kwenye 15,000 asilimia 51, kwenye 20,000 asilimia 73, na kuendelea. Nukta hizo zote zilikuwa za kweli. Kisha akaziunganisha kwa mstari, na kila nukta ya mstari huo iliyo kati ya 10,000 na 15,000 ilikuwa ni dhana. Mstari ulionyooka kati ya nukta mbili unadai kwamba familia zimesambaa sawasawa baina yake, kama shanga zilizotungwa kwa nafasi moja. Likoni haikuwa hivyo. Kati ya 10,000 na 15,000 kulikuwa na watu wachache, na wengi wa waliotakiwa kuwa hapo walikuwa wamesimama juu ya 15,000 yenyewe.

Tukachora upya kutoka kwenye orodha nzima. Kazi ni nyepesi ukiwa na vipato kwenye safu ya B ya jedwali la kompyuta, mstari wa 2 hadi 201, na kiwango unachokiuliza kwenye D2:

```
=COUNTIF(B$2:B$201,"<="&D2)/200
```

Hiyo inahesabu familia ambazo kipato chao hakizidi kiwango, kisha inagawa kwa 200. Ukiandika kwenye safu ya D kila kipato kilichotajwa daftarini, kutoka kidogo hadi kikubwa, unapata mchoro wa kweli, nao si kamba. Ni ngazi. Unakwenda tambarare mahali ambapo hakuna familia, na unaruka juu kila panapokuwa na familia. Ruko dogo ni familia moja, nusu ya asilimia. Ruko kubwa ni watu wengi waliotaja nambari ile ile.

Yetu ilikuwa na maruko makubwa matatu. Kwenye 10,000 mstari ulipanda kutoka familia 24 hadi 46. Kwenye 20,000 ulipanda kutoka 120 hadi 146. Na kwenye 15,000 ulipanda ukuta mzima, kutoka familia 64 hadi 102, yaani kutoka asilimia 32 hadi 51 kwa shilingi moja. Nilimwomba mwenyekiti aweke kidole kwenye 35 pembeni aende kulia taratibu. Kidole kiligonga ukuta huo, karibu na mguu wake. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, hapa nashuka wapi?" Nikamwambia popote atakaposhuka ni 15,000, na 15,000 haimpi 70.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa hiki chote kilipo, na nimeona watu wazito wakipita juu yake bila kukiona. Mchoro laini unamfanya mtu aamini kwamba kwa kila idadi anayoitaka ipo nambari ya kipato itakayomletea idadi hiyo. Ngazi inakataa. Ukikata chini kidogo ya 15,000 una familia 64 na matangi sita hayana mwenyewe. Ukikata kwenye 15,000 una familia 102 na 32 kati yao watarudi mikono mitupu baada ya kuambiwa wanastahili. Kipato kinachotoa 70 hakipo. Si kwamba hatujakitafuta vizuri, hakimo daftarini.

Na lugha yetu ilitaka kutuponza hapo hapo. Mweka hazina, kwa kuona matangi yanabaki, alikuwa ameandaa tangazo la kubandika msikitini na dukani: "wenye kipato cha chini ya 15,000." Nikamuuliza, aliyepata 15,000 kamili yumo au hayumo? Akasema yumo, bila shaka. Katibu aliyekuwa kando yake akasema hayumo, bila shaka. Katika matumizi ya kila siku "chini ya" inabeba maana zote mbili na hakuna anayegombana, kwa sababu kwa kawaida ni watu wachache wanaosimama juu ya mpaka. Hapa walikuwa 38. Kwenye ile fomula tofauti ni alama moja ya kibodi: ukiondoa `=` ukaacha `<` peke yake, kwa 15000 jibu linageuka kutoka `0.51` hadi `0.32`. Asilimia 19 ya mtaa ilikuwa inaning'inia kwenye alama hiyo. Tangazo likasimamishwa, na tukakubaliana kwamba tangu siku ile tungeandika "kisichozidi" pale tunapotaka aliye juu ya mpaka aingie.

Ukuta ule ulijengwa na nini? Hilo ndilo swali la kuuliza kila unapoona mstari limbikizi umesimama wima kwenye nambari ya mviringo, kwa maana majibu ni mawili na dawa zake hazifanani. Jibu la kwanza ni kwamba watu hao wanapata kiasi hicho kweli. Mishahara hutajwa kwa nambari za mviringo, na sheria nayo inaweza kuwasukuma watu mahali pamoja: kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika jiji la Mombasa kilikuwa 15,201.65 kwa mwezi tangu amri ya mwaka 2022, na mwajiri wa mtaani akilizungusha hilo anatoa 15,000. Jibu la pili ni kwamba mtu hajui kipato chake cha mwezi, kwa kuwa hakuna siku hata moja anayokipokea kikiwa kizima. Dereva wa tuktuk ana siku ya 900 na siku ya 300. Mbeba mizigo ana wiki nzima asiyoitwa. Anapoulizwa mlangoni na jirani mwenye kalamu, anatafuta nambari iliyo karibu na yenye heshima, na elfu kumi na tano ni nambari ya namna hiyo. Ukiangalia ngazi yetu vizuri unaliona: baina ya 15,000 na 20,000 familia zilizotajwa zilikuwa 18 tu, na kwenye ncha mbili hizo kulikuwa na 64. Maisha hayapangiki hivyo. Huo ni mdomo unaozungusha.

Kwa hiyo tukarudi kuuliza. Mwenyekiti alitaka waulizwe wale 38 tu ili kazi iwe fupi, na nilimpinga. Ukiwachunguza 38 peke yao, unawapa nafasi ya kushuka ambayo jirani aliyetaja 16,000 hakupewa, na aliyetaja 14,000 anabaki salama kwa nambari ambayo huenda nayo ni ya kukisia. Anayerudiwa na asiyerudiwa hawapimwi kwa kipimo kimoja. Tukachukua wote waliotaja zaidi ya 12,000 na kisichozidi 18,000, familia 60, wa ndani ya ukuta na wa pande zake zote mbili. Wale 58 wa chini tuliwaacha, kwa kuwa ili wavuke mpaka ingebidi wawe wamekosea sana. Nilijua tunaacha kosa fulani humo, nitalirudia.

Safari hii hatukuuliza "unapata ngapi kwa mwezi". Kibarua aliulizwa alifanya kazi siku ngapi wiki iliyopita na ile ya kabla yake, na kwa siku alilipwa nini. Mwenye biashara aliulizwa mauzo ya jana, kisha alichotumia kuyapata. Kila familia iliulizwa kama kuna chumba inachopangisha, na kama kuna jamaa anayewatumia pesa. Dakika 20 kwa mlango, mbili zikiwa za kuamkiana.

Mama mmoja muuza mahamri na mbaazi ndiye aliyenifundisha zaidi. Alikuwa ametaja 17,000, na kwa mstari wowote tuliokuwa tukiufikiria hakuwa na lake. Tulimkuta barazani akichagua mbaazi kwenye ungo. Katibu akamuuliza, "Shikamoo mama, jana umeuza mahamri mangapi?" Akajibu bila kufikiri: 65, shilingi kumi kumi. Hizo ni 650. Kwa siku 26 za kazi ni 16,900, na ndiyo elfu kumi na saba yake. Mbaazi alizihesabu kuwa chakula cha nyumbani. Kinachouzika humo ni kidogo mno. Tukauliza unga: 200. Mafuta: 100. Makaa: 60. Sukari, nazi na iliki kwa pamoja: 70. Katika 650 anabaki na 220, na kwa mwezi ni 5,720. Yeye hakudanganya. Aliulizwa anapata ngapi, akataja anachokipata mkononi, kabla hakijarudi dukani. Kisha akakumbuka, tulipouliza, kwamba kijana wake anayebeba mizigo Kongowea humletea kama 6,500 kwa mwezi. Kipato cha chungu chake kikawa 12,220.

Wengine walipanda. Mwanamume mmoja aliyetaja 14,000 alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha ambavyo hakuvihesabu kwa sababu kodi huipokea mkewe. Na wale wa mshahara hawakusogea hata kidogo: tisa kati ya 38, walinzi na wahudumu wa maduka, wanapokea 15,000 kamili kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Sehemu hiyo ya ukuta ni mawe halisi, na hakuna maswali yatakayoibomoa.

Mchoro mpya ulipotoka, kati ya 12,000 na 18,000 mstari ulikuwa umebadilika sura. Familia saba zilishuka hadi 12,000 au chini yake, kwa hiyo hapo palikuwa na 65 badala ya 58. Tano zilipanda kupita 18,000. Ukuta wa 15,000 ulibaki na wale tisa, na wengine wote walitawanyika kwenye vidaraja vidogo. Kidole cha mwenyekiti kilipokwenda kulia kutoka 35 safari hii, kiligonga mstari mahali penye daraja la familia moja, kikashuka kwenye 13,600. Familia 70. Kati ya 12 zilizoongezeka juu ya zile 58 za mwanzo, nne zilikuwa zimetaja zaidi ya 12,000 lakini hazikufika 15,000, saba zilitoka ukutani, na moja ilikuwa ya mama wa mahamri, aliyekuwa amevuka ukuta kwa upande wa pili.

Ningeweza kuacha hapo, lakini mstari una jambo moja zaidi la kusema, nalo ni ukali wa mlima wake. Mahali ambapo mstari ni tambarare, kosa la shilingi 500 halimgusi mtu, kwa kuwa hakuna mtu. Mahali ambapo unapanda kwa kasi, 500 hizo hizo zinawavusha wengi. Tukaupima mlima kwenye mpaka wetu: kwenye 13,100 kulikuwa na familia 67, kwenye 14,100 kulikuwa na 75. Familia nane ndani ya shilingi elfu moja, na matangi yaliyobaki kwao ni matatu. Mimi siamini kwamba maswali ya dakika 20 yanaweza kumtofautisha mwenye 13,500 na mwenye 13,800. Siku moja ya mvua inatosha kuwabadilisha nafasi. Kwa hao nane mstari haukuwa na ushahidi wa kutosha, na niliiambia kamati hivyo wazi.

Hapo akazungumza mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo. "Nyinyi mnapima chungu," akasema, "hamjapima midomo." Alikuwa na haki, na ni neno ambalo lingefaa kusemwa siku ya kwanza. Miongoni mwa wale nane kulikuwa na kijana anayekaa peke yake mwenye 13,400, ambaye kwa mstari wetu alikuwa ameingia. Kulikuwa pia na familia ya watu wanane yenye 13,900, ambayo ilikuwa nje: baba, mama, bibi, watoto watatu wa shule ya msingi na wawili wadogo.

Takwimu za umaskini za Kenya zina kipimo cha hili. Mtu wa miaka 15 na zaidi anahesabiwa 1, mtoto wa miaka 5 hadi 14 anahesabiwa 0.65, na wa chini ya miaka 5 anahesabiwa 0.24. Familia ile inakuwa na watu wazima watatu, watoto watatu ambao ni 1.95, na wadogo wawili ambao ni 0.48. Jumla 5.43. Ukigawa 13,900 kwa hiyo unapata 2,560 kwa kila kipimo cha mtu mzima. Kijana wa peke yake anabaki na 13,400 zake zote. Kwa chungu wametofautiana kwa 500. Kwa midomo, mmoja ana zaidi ya mara tano ya mwenziwe.

Katibu, ambaye huwa anafuatilia mambo, akauliza kwa nini basi tusiweke mstari wa umaskini wa taifa tukamaliza. Upo: katika utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 mstari wa mijini ulikuwa 5,995 kwa mwezi kwa kila kipimo cha mtu mzima. Lakini ni wa bei za miaka ile, na unapima matumizi, si kipato. Familia inayokula kwa mkopo wa dukani ina matumizi makubwa kuliko kipato. Kuuweka mstari huo juu ya ngazi yetu ya 2023 kungekuwa kupima kitambaa kwa kibaba.

Tukachora ngazi ya pili, kipato kikiwa kimegawanywa kwa kipimo cha midomo, kwa familia zote 200, na kikatokea kitu kilichomfurahisha kijana wetu wa kompyuta: kuta zote tatu zilitoweka. Nilimwomba asifurahi mapema. Ukigawa 15,000 kwa 1, kwa 2.65, kwa 5.43, lazima upate nambari zilizotawanyika na mstari uwe laini. Ila kosa la aliyekisia 15,000 bado limo ndani, sasa limefichwa mahali ambapo jicho haliwezi kuliona. Kama tungeanza na ngazi hii bila kuiona ile ya kwanza, tusingejua kabisa kwamba asilimia 43 ya majibu yetu yaliegemea kwenye nambari tatu za mviringo: 22, 38 na 26 ni familia 86. Ndiyo maana nasisitiza mchoro wa kwanza uwe wa majibu ghafi, kama yalivyotoka mdomoni, na kugawanya kuje baadaye.

Ingekuwa shauri langu tangu mwanzo, matangi yote 70 yangegawiwa kwa ngazi ya midomo. Ila kamati ilikuwa imeshatangaza barazani kwamba kigezo ni kipato cha familia, na mtaa hauwezi kubadilishiwa kipimo katikati ya mizani. Walichokubali ni kuwapanga wale nane wa mpakani kwa midomo. Kati ya watatu waliokuwa ndani, wawili walitoka, mmoja wao yule kijana wa peke yake, na familia ya watu wanane ikaingia pamoja na nyingine moja. Kijana alielezwa ana kwa ana, akiwa ameonyeshwa ngazi na mahali aliposimama. Alisoma mwenyewe, akauliza swali moja kuhusu bibi, kama naye anahesabiwa 1, akakubali.

Mambo mawili madogo juu ya mchoro wenyewe. Familia yenye kipato kikubwa zaidi daftarini ilitaja 180,000, na ukiuchora mstari hadi huko, familia nyingi zinabanwa kwenye kona ya kushoto na kuta hazionekani. Tuliukata mchoro kwenye 50,000 na kuandika pembeni kwamba familia nane ziko mbele ya hapo, ili mstari uishie kwenye asilimia 96 bila mtu kudhani asilimia nne zimepotea. La pili, mwenyekiti aliposoma asilimia 51 kwenye 15,000 alisema, "Kumbe nusu ya pesa ya mtaa iko chini ya elfu kumi na tano." Sivyo. Ni nusu ya familia. Mchoro wa kugawana pesa yenyewe ni mwingine, ule aliouanzisha Max Lorenz mwaka 1905, ambao chini una asilimia ya familia na pembeni asilimia ya pesa. Wetu hausemi lolote moja kwa moja kuhusu nani ameshika ngapi. Ulichoweza kumwonyesha ni hiki: wastani wa mtaa ulikuwa kama 21,000, na ukipanda kutoka 21,000 unagonga mstari juu ya asilimia 73. Karibu familia tatu katika kila nne hazifiki kwenye huo unaoitwa wastani, kwa sababu ya wale wachache wa mkia wa kulia.

Lile kosa nililosema tumeliacha ni ukuta wa 10,000. Kwa matangi haukuwa na madhara, kwa kuwa wote 46 walikuwa ndani, iwe walikisia au la. Sasa kamati imepata ahadi nyingine, ya unga na mchele kwa familia 40 zenye kipato kidogo zaidi. Mwenyekiti ameshaweka kidole kwenye asilimia 20 akaenda kulia, na kimegonga ule ukuta, kati ya 24 na 46. Hakuniuliza ashuke wapi. Amechukua daftari, ameandika majina ya wote waliotaja kuanzia 8,000 hadi 12,000, na Jumamosi wanaanza kubisha hodi.